Kubanduka: Heksagramu ya 23 Inapojibu Swali la Ndoa

Mistari mitano iliyokatika imepandana kutoka chini, na juu yake umebaki mmoja mzima. Hiyo ndiyo heksagramu ya 23 katika Yijing, Kitabu cha Mabadiliko cha Wachina. Jina lake ni Bo, nami katika kitabu hiki naiita Kubanduka, kama gome linavyobanduka mtini. Mtu aliyerusha sarafu akiuliza habari za ndoa au uchumba wake hushuka moyo kwa kuliona tu umbo hili. Akifungua maandishi anakuta kitanda kinachobomolewa kidogo kidogo, nyumba inayopoteza paa, na onyo kwamba huu si wakati wa kwenda popote. Hapo wengi hufunga kitabu. Wameshajihukumu: yamekwisha.

Hukumu hiyo haipo kwenye umbo wala kwenye maandishi. Mstari wa sita, ule wa juu kabisa, bado umesimama. Nayo kauli kuu ya Bo ni fupi mno: inasema tu kwamba haifai kuwa na mahali pa kuelekea. Haisemi achana naye, haisemi baki naye, haisemi amekuacha. Mfumo huu una heksagramu nyingine za kuachana, kurudi nyuma na kutawanyika, kila moja na namba yake. Aliyepata Bo hakupata hizo. Amepewa picha ya kitu kinacholiwa kutoka chini kwenda juu, na kazi yake ya kwanza ni kujua kuliwa huko kumefika wapi.

Mazoea ya zamani ya Kichina yalizipangia heksagramu kumi na mbili miezi kumi na miwili ya mwandamo. Bo ilipewa mwezi wa tisa, ambao kwa kalenda yetu huangukia karibu Oktoba na Novemba, mwisho wa vuli kule kaskazini, miti inapobaki mitupu. Mwezi wa kumi ni wa Kun, mistari sita yote imekatika. Mwezi wa kumi na moja ni wa Fu, heksagramu ya 24, ambapo mstari mzima unaonekana tena, safari hii chini kabisa. Ndio mwezi ambao usiku mrefu kuliko yote hupita na mchana huanza kurefuka. Ufafanuzi wa kale ulioambatanishwa na kauli kuu unalitazama jambo hili kwa macho ya majira: kujaa na kupungua ni mwendo wa mbingu, na mwenye busara huutambua badala ya kupigana nao. Ndiyo sababu ya kukatazwa kwenda. Mkulima hapandi mbegu mwezi ambao ardhi inaganda, na kutopanda kwake hakumaanishi kwamba ameliuza shamba.

Lakini tuwe waangalifu na Fu. Wasomaji wenye moyo mwema hukimbilia kumwambia aliyepata Bo, "Usijali, baada ya 23 huja 24, atarudi." Sikubaliani nao. Kwanza, 24 hufuata 23 katika mpangilio wa kitabu. Haikuwa jibu la mtu huyo. Bo haigeuki kuwa Fu ila mstari wa kwanza na wa sita iwe imesogea yote miwili katika kurusha kulekule. Pili, tazama mstari mzima unatokea wapi. Katika Bo uko juu, katika Fu uko chini. Kinachorudi hakirudi mahali kilipokuwa. Cheng Yi, mwanafalsafa wa enzi ya Song aliyefariki mwaka 1107, alilieleza tunda kubwa lisiloliwa la mstari wa sita kwa njia hiyo: nguvu ya uhai haiwezi kwisha kabisa, kwa kuwa ikiondoka juu huzaliwa tena chini. Tunda lililobaki peke yake tawini litaanguka. Mbegu iliyomo inaweza kuota, ila utakaouona baadaye ni mche, na huo una miaka yake ya kukua. Anayeambiwa atarudi anaahidiwa tunda lilelile juu ya tawi lilelile, na hilo maandishi hayajaahidi.

Turudi basi kwenye kitanda, maana utajiri wa heksagramu hii uko hapo. Mistari ya Yijing husomwa kutoka chini, na katika Bo, mstari wa kwanza, wa pili na wa nne inafuata fanicha ileile. Kwenye mstari wa kwanza yanabanduliwa matendegu. Kwenye wa pili uharibifu umepanda hadi kwenye fremu, pale tendegu linaposhikana na mfumbati. Kwenye wa nne umemfikia aliyelala, ngozi yake mwenyewe. Kitanda kinafaa sana kwa swali la wawili, kwa sababu ndipo mtu anapojilaza bila kujilinda. Asiyejua kwamba tendegu limeliwa na mchwa ataendelea kulala vizuri kwa muda, mpaka usiku atakaposikia mbao zinalia.

Kwenye uhusiano, matendegu ni yale mazoea madogo yanayoubeba bila kutajwa: salamu ya asubuhi, simu ya usiku, kula pamoja, kuulizana habari za kazi. Yakibanduka hakuna anayelalamika, kila moja likionekana dogo mno la kulalamikia. Mifumbati ni makubaliano: nani analipa nini, tutaishi wapi, lini utarudi, nini hatutafanyiana. Yakilegea, watu wanaendelea kuishi ndani ya umbo la ndoa, ila hakuna kinachoshikilia pembe zake. Ngozi ni mtu mwenyewe: kudharauliwa, kuaibishwa, kuumizwa, kuugua kwa mawazo. Maandishi ya mstari wa nne hayana lawama wala ushauri, yanataja balaa tu. Mstari wa kwanza na wa pili nayo inataja balaa, lakini bado kuna umbali kati ya uharibifu na mwili.

Umbali huo ndio unaopimwa. Mtu akisema "ndoa yangu imeharibika" amesema jambo kubwa lisiloweza kufanyiwa kazi. Akisema "simu za usiku zimekufa tangu Machi, na tulikubaliana atarudi baada ya mwaka lakini mwaka umepita na hakuna aliyelitaja" amesema urefu wa uharibifu kwa vipimo.

Tuchukue mfano, nilioutunga ili tuusome pamoja. Mwanamke ameolewa miaka tisa, ana mtoto mmoja. Mumewe alipata kazi mji mwingine miaka miwili iliyopita, nao walikubaliana aende mwaka mmoja. Mwanzoni alipiga simu kila usiku. Sasa wanaandikiana ujumbe, na karibu ujumbe wote ni wa pesa. Mwezi uliopita alikuja nyumbani siku tatu na akalala sebuleni, akisema mgongo unamsumbua. Dada yake anamwambia, "Mdogo wangu, panda basi umkute hukohuko bila taarifa, ujionee." Mama mkwe anataka wazee waitwe. Yeye mwenyewe amezoea kuamka saa tisa za usiku kuangalia kama mume yuko mtandaoni.

Swali lake la kwanza lilikuwa: "Je, ameniacha?" Swali kama hilo linaiharibu Bo kabla sarafu hazijagusa meza. Likiulizwa la ndiyo au hapana, umbo lolote lenye giza litasomwa kama ndiyo. Kisha linauliza yaliyomo moyoni mwa mtu asiyekuwepo, jambo ambalo heksagramu haina njia ya kulijua; inachora hali ambayo muulizaji yumo. Akalibadili: "Hali ya ndoa yetu ikoje sasa, na mimi nishike nafasi gani mpaka atakapokuja tena?" Hilo linajibika.

Anarusha sarafu tatu mara sita, upande mmoja ukihesabiwa 3 na wa pili 2, akiandika kila jumla kutoka chini kwenda juu. Jumla ya 7 ni mstari mzima uliotulia, 8 ni uliokatika uliotulia, 6 ni uliokatika unaosogea, 9 ni mzima unaosogea. Anapata 8, 8, 6, 8, 8, 7. Ni Bo, na mstari wa tatu unasogea. Ukigeuka kuwa mzima, umbo linakuwa milima miwili iliyopandana, Gen, heksagramu ya 52. Zhu Xi, aliyeandika mwongozo wa kupiga bao hili mwaka 1186, alishauri kwamba mstari mmoja ukisogea, jibu lisomwe hasa kwenye maneno ya mstari huo. Basi kitanda kinakuwa mandhari, na mstari wa tatu ndio sauti.

Na ni mstari wa ajabu. Katikati ya kubanduliwa kote, huo pekee kati ya mitano ya chini umeambiwa hauna lawama. Sababu inaonekana kwenye mpangilio. Katika kila heksagramu mstari wa kwanza huitikiana na wa nne, wa pili na wa tano, wa tatu na wa sita. Kati ya mistari mitano iliyokatika, wa tatu peke yake una mwenzi aliye mzima, na ufafanuzi wa kale unaongeza kwamba unapoteza wa juu yake na wa chini yake. Unajitenga na majirani unaofanana nao, uendelee kushikana na kile kimoja kilichosimama.

Hapa ndipo usomaji wa mapenzi hupotoka mara nyingi. Ni rahisi mwanamke huyu kujiona yeye ndiye mstari mzima wa juu, mvumilivu, na mumewe kuwa ile mitano inayomla. Wengine hulichukua neno la mstari wa sita kuhusu mtu duni anayejibandulia nyumba yake mwenyewe wakampachika mwenzi wao. Mistari yote sita ni ya ndoa hiyo moja, na mstari unaozungumza ni uliokatika. Yeye yumo ndani ya uharibifu. Majirani wa mstari wake ni vitu anavyofanana navyo kwa sasa: ukimya wake wa kujibu kwa neno moja, kuangalia simu saa tisa za usiku, shaka ya dada, hesabu ya makosa anayoipitia kila akilala. Hivyo vinabandua pia, hata kama vilianza kama majibu ya kuumizwa.

Kujitenga navyo hakumtaki ajifanye haoni. Kunamtaka kwanza aandike kilichobanduka. Matendegu: simu za usiku, kula pamoja anapokuja, kulala chumba kimoja. Mfumbati: makubaliano ya mwaka mmoja. Ngozi je? Anajiuliza kwa ukweli, na jibu ni kwamba hajatukanwa, hajapigwa, hajaaibishwa mbele ya watu. Ana usingizi mbaya na huzuni, ambavyo tayari vinaisogelea ngozi. Basi uharibifu umepita matendegu, umeingia kwenye fremu, na uko karibu na mwili. Ni hasara ya kweli, na baadhi yake huenda isirudi. Anayemsomea asiipunguze ili kumpa faraja.

Kisha aandike kilichosimama, kwa ushahidi na bila matumaini ya kubuni. Ada ya shule hufika kila muhula bila kuombwa. Mume humpigia mtoto Jumapili. Alikuja, japokuwa alilala sebuleni. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachothibitisha upendo, naye asivisome hivyo. Vinathibitisha kwamba kuna kitu bado kimeshikiliwa na mtu wa upande wa pili. Huo ndio mstari wa sita wa ndoa hii, na mstari wa tatu hauna mwenzi mwingine wa kuitikiana naye.

Kuhusu cha kufanya, umbo lenyewe linasema. Chini ni ardhi, juu ni mlima, na mafunzo ya kale juu ya picha hiyo ni kwamba walio juu huimarisha makao yao kwa kuwapa kwa ukarimu walio chini. Mlima hausimami kwa urefu wake, unasimama kwa upana wa udongo ulioubeba. Kwa hiyo matengenezo yanaanzia kwenye matendegu. Simu ya Jumapili ya mtoto ipo. Anaweza kubaki kwenye simu dakika tano baada ya mtoto kumaliza, azungumze jambo lisilo pesa wala lawama. Ni kidogo sana, na lazima kiwe kidogo, kwa kuwa kauli kuu inakataza safari na mradi mkubwa. Safari ya basi ya kushtukiza ndiyo hasa kwenda kunakokatazwa. Kikao cha wazee nacho ni kuweka uzito mkubwa juu ya fremu iliyolegea. Hakijafutwa, hakijafika wakati wake. Suala la mwaka uliopita bila kutajwa litasubiri siku watakapoketi ana kwa ana, liwe moja, lisemwe wazi: tulikubaliana hivi, imekuwa hivi, sasa tunakubaliana nini?

Gen, mlima juu ya mlima, inaonyesha mwelekeo wa kujitenga huko: kutulia. Picha yake ya kale ni ya mgongo uliotulia. Kwake hiyo ina maana ya kimwili kabisa, yaani kutoinuka saa tisa za usiku kushika simu. Na kuna jaribio la kujua kama utulivu wake ni wa kweli au ni kununa. Aliyenuna anasubiri aonekane kwamba amenyamaza, na kila siku inayopita bila kuonekana inaongeza hesabu. Aliyetulia anaweza kujibu ujumbe wa kawaida kwa maneno ya kawaida. Akigundua kwamba hesabu inakua, amerudi kwa majirani zake.

Kama mstari wa nne ndio ungesogea, nisingemsomea hivi. Ungegeuza mlima wa juu kuwa moto, na heksagramu ya pili ingekuwa ya 35, jua linalopanda juu ya ardhi: mambo yanakwenda mahali pa kuonekana. Uharibifu uliofika kwenye ngozi hautibiwi kwa dakika tano za simu. Ungedai kusemwa mbele ya watu wanaoaminika, na hapo wito wa wazee ungekuwa na nafasi. Mstari wa tano ungekuwa habari njema kuliko yote: samaki waliotungwa kwenye mtungo mmoja, vile vilivyokuwa vinabandua vikipangwa nyuma ya kiongozi na kuelekezwa kwenye kile kilichosimama, yaani malalamiko yaliyowekwa kwa mpangilio, moja baada ya jingine, na kupokelewa. Na mstari wa sita ukisogea peke yake unaacha mistari sita iliyokatika. Hapo ningemwambia wazi kwamba kile kimoja kilichosimama kinaanguka, na kwamba swali lake limekuwa ni nini kitakachopandwa, na wapi.

Kuna mahali ambapo Bo haipaswi kusomwa kabisa. Mtu anayepigwa, anayetishwa au anayefungiwa nyumbani asishikwe na neno la kutokwenda popote. Kauli ile inahusu kuanzisha mambo na kusukuma mipango. Haikuandikwa kumzuia mtu kutoka ndani ya nyumba inayoungua. Anayemsomea mwingine ana wajibu wa kuuliza hilo kwanza, kabla ya sarafu, na akipata jibu baya aweke kitabu chini, amsaidie apate mahali salama.

Kosa la mwisho linakuja siku mbili baadaye. Jibu halikuridhisha, anarusha tena, halafu tena, mpaka apate heksagramu yenye jua. Kwa sarafu tatu kila heksagramu ina nafasi 1 kati ya 64, kwa hiyo akirusha vya kutosha atalipata umbo lolote analolitaka. Heksagramu ya 4 inaonya dhidi ya hili waziwazi: anayeuliza mara ya kwanza hujibiwa, anayerudiarudia anasumbua, na msumbufu hajibiwi. Katika mfano wetu, mwanamke anaandika tarehe, namba sita, orodha zake mbili na neno lake moja la kusubiri. Mume akija mwisho wa mwezi, ataangalia kama mfumbati uliweza kutajwa bila kuvunjika, na kama kitanda cha sebuleni kilitandikwa tena. Swali la pili litatoka kwenye hayo atakayoyaona, nalo litahusu makubaliano mapya ya kazi na makazi, likiulizwa na watu wawili kama mume atakubali kuketi mezani.